Athari thabiti au athari nasibu? Kodi ya bia, vifo vya barabarani, na namna ya kuamua

Chukua data moja na swali moja, kisha endesha amri tatu zinazotofautiana kwa neno moja tu. Ya kwanza inakwambia kwamba pale kodi ya bia ilipo juu, vifo vya barabarani navyo viko juu. Ya pili inakwambia kodi ikipanda, vifo hupungua, tena kwa kiasi kikubwa. Ya tatu inakwambia kodi na vifo havihusiani kabisa. Hesabu za zote tatu ni sahihi, na hakuna mahali kompyuta itakapokuonya kwamba umekosea.

Data zenyewe ziko wazi kwa yeyote mwenye R. Zimo ndani ya kifurushi cha AER kwa jina la `Fatalities`. Ni majimbo 48 ya Marekani, kila moja limefuatwa kwa miaka saba, 1982 hadi 1988, jumla mistari 336. Tunachotaka kukieleza ni vifo vya ajali za barabarani kwa kila watu 10,000, ambavyo kwa wastani ni kama viwili kwa mwaka. Tunachokitumia kuvieleza ni kodi ya bia kwa kreti, ikipimwa kwa dola za mwaka 1988 ili kupanda kwa bei za vitu kusituvuruge. Wastani wa kodi hiyo ni kama nusu dola, ingawa yapo majimbo yanayotoza senti chache na lipo linalovuka dola mbili.

Nimeuchagua mfano huu wa mbali kwa sababu jibu lake linageuka kabisa kutegemea njia, na kwa sababu unaweza kuurudia mwenyewe leo usiku bila kuomba ruhusa ya data kwa mtu yeyote.

```r
library(AER); library(plm)
data("Fatalities")
d <- Fatalities
d$vifo <- d$fatal / d$pop * 10000
d$wastani <- ave(d$beertax, d$state)
p <- pdata.frame(d, index = c("state", "year"))

pamoja  <- plm(vifo ~ beertax, data = p, model = "pooling")
thabiti <- plm(vifo ~ beertax, data = p, model = "within")
nasibu  <- plm(vifo ~ beertax, data = p, model = "random")
```

Athari thabiti ndiyo `within` ya hapo juu, na kwenye Stata ndiyo `fe`. Athari nasibu ndiyo `random`, na kwenye Stata ndiyo `re`. Matokeo ya mteremko wa kodi ni haya:

| Njia | Mteremko wa kodi | Inasema nini |
|---|---|---|
| Kuchanganya mistari yote | 0.36 | kodi kubwa, vifo vingi |
| Athari thabiti | −0.66 | kodi ikipanda, vifo hushuka |
| Athari nasibu | −0.05 | hakuna uhusiano |

Aliyezoea kuambiwa kwamba athari nasibu ni njia ya kati na kati, yenye busara, autazame mstari wa tatu wa jedwali vizuri. Hiyo −0.05 haikutokana na data kusema kwamba kodi haina kazi. Imetokana na kuchanganya namba mbili zinazopingana, na tutaona zimechanganywa kwa uzito gani.

## Alabama peke yake

Tulichukue jimbo moja tulione kwa karibu. Mwaka 1982 Alabama ilitoza dola 1.54 kwa kreti. Mwaka 1983 kodi ikapanda hadi 1.79. Baada ya hapo inashuka kidogo kidogo kila mwaka, mpaka 1.50 mwaka 1988. Wastani wake kwa miaka yote saba ni 1.62, ambao ni mara tatu ya wastani wa nchi. Vifo navyo vilianzia 2.13 kwa watu 10,000 mwaka 1982, vikawa 2.35 mwaka uliofuata, vikafika 2.49 mwaka 1988. Wastani wake ni 2.41, nao uko juu ya wastani wa nchi.

Athari thabiti inafanya jambo moja tu. Inatoa wastani wa Alabama kwenye kila namba ya Alabama, wastani wa Arizona kwenye kila namba ya Arizona, na hivyo hivyo hadi jimbo la mwisho. Kwa hiyo mwaka 1983 Alabama haihesabiwi tena kuwa jimbo la kodi ya 1.79. Inahesabiwa kuwa jimbo lililo senti 17 juu ya kawaida yake, na vifo vyake viko 0.06 chini ya kawaida yake. Mwaka 1988 iko senti 12 chini ya kawaida yake, na vifo viko 0.08 juu. Ukiunganisha nukta hizo mbili unapata mteremko unaoshuka, na huo ndio aina ya ushahidi unaojenga ile −0.66. Kwamba Alabama kwa ujumla ni jimbo la kodi kubwa na vifo vingi, hilo limefutwa. Njia hii hailioni kabisa.

Njia ya kuchanganya mistari yote hufanya kinyume chake, hata kama haikukusudiwa hivyo. Katika data hizi, karibu asilimia 99 ya mtawanyiko wote wa kodi ni tofauti kati ya jimbo na jimbo. Asilimia kama 1.3 tu ndiyo mabadiliko ya jimbo lile lile mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo ukichanganya kila kitu, unalinganisha Alabama na majimbo mengine, na unachokiita athari ya kodi kimebeba mengine yote yanayoitenganisha Alabama na hayo: barabara za vijijini, umbali wa hospitali, mwendo wa magari, desturi za unywaji, hata namna watu wanavyotegemea gari kwa kila safari. Ukifanya rigresheni kwa wastani wa majimbo 48 peke yake, unapata mteremko wa karibu 0.38, ambao ni kama ule ule 0.36.

Basi maswali yaliyomo humu ni mawili. La kwanza: jimbo lenye kodi kubwa kuliko jirani yake lina vifo vingi kuliko jirani? La pili: jimbo likipandisha kodi yake, vifo vyake vinafanya nini? Waziri wa fedha anayetaka kujua apandishe kodi au asipandishe anauliza la pili.

## Athari nasibu inapima kwa mizani gani

Athari nasibu nayo hutoa wastani wa jimbo, ila haiutoi wote. Hutoa sehemu yake, na sehemu hiyo huitwa theta. Theta ikiwa sifuri, hakuna kilichotolewa, na tumerudi kwenye kuchanganya mistari yote. Theta ikiwa moja, umetolewa wote, na tumefika kwenye athari thabiti. Ukiandika `summary(nasibu)`, plm itakuonyesha theta ya data hizi: karibu 0.86.

Wengi wakiona 0.86 hujituliza. Husema iko karibu na moja, kwa hiyo majibu ya njia mbili hayawezi kupishana mno. Ndipo hesabu inapotakiwa, na hesabu yenyewe ni fupi.

Kilichobaki kwenye wastani wa kila jimbo ni 1 − 0.862, yaani kama 0.138. Uzito wa ulinganisho wa jimbo na jimbo hupatikana kwa kuzidisha 0.138 kwa 0.138, nayo ni kama 0.019. Ni uzito mdogo. Lakini sasa uzidishe kwa mtawanyiko uliopo upande huo, yaani asilimia 98.7, unapata kama 1.87. Upande wa pili, mabadiliko ndani ya jimbo lile lile, una uzito kamili wa moja, ila mtawanyiko wake ni asilimia 1.3 tu. Weka 1.87 na 1.33 kwenye mizani: ulinganisho wa jimbo na jimbo unachukua karibu asilimia 58 ya jibu, na mabadiliko ya ndani asilimia 42. Asilimia 58 ya 0.38 ni 0.22. Asilimia 42 ya −0.66 ni −0.28. Jumlisha, na utapata namba inayokaribia ile −0.05 iliyoko kwenye jedwali.

Kwa hiyo athari nasibu imejibu maswali mawili kwa pamoja, moja likijibiwa ndiyo na la pili likijibiwa hapana, halafu ikatoa wastani wa majibu. Niliwahi kusoma rasimu ya tasnifu ambayo mwandishi wake alikuwa na namba ya namna hii hii, karibu sifuri, na sura nzima ya mjadala ikajengwa juu ya sentensi kwamba sera haina athari. Hakuwa ameangalia vipande viwili vilivyozaa ile sifuri. Tulipovitenganisha, kila kimoja kilikuwa mbali na sifuri, kwa pande tofauti, na sura ile ikabidi iandikwe upya.

Mizani hii inakueleza pia lini ugomvi wa njia hizi mbili unakuwa mdogo. Miaka ikiwa mingi kwa kila jimbo, theta husogea kuelekea moja na athari nasibu husogea kuelekea athari thabiti. Ukiwa na miaka 40 kwa kila nchi, mara nyingi utabishana juu ya kitu ambacho hakionekani kwenye namba. Ukiwa na awamu mbili au tatu tu, kama ilivyo kwa tafiti nyingi za kaya, uchaguzi huo ndio unaobeba jibu lote.

## Sharti linaloamua

Kuchanganya maswali mawili si kosa wakati wote. Kama majibu ya kweli ya maswali hayo ni mamoja, kuyachanganya ni faida, kwa kuwa unatumia habari zote ulizonazo na kosa sanifu linapungua. Sharti la kuwa mamoja ni hili: zile sifa za kudumu za jimbo ambazo hukuzipima zisiwe na uhusiano na kodi. Athari nasibu inahitaji sharti hilo. Athari thabiti haihitaji.

Maelezo mepesi kuliko yote ya sharti hili yanatoka shambani. Mwaka 1961 Yair Mundlak aliandika kuhusu tatizo la kupima mavuno wakati ustadi wa mkulima haupimiki. Mkulima hodari hupalilia kwa wakati, huchagua mbegu vizuri, na aghalabu ndiye huyo huyo anayenunua mbolea nyingi. Ukilinganisha mkulima na mkulima, mbolea itapewa sifa ambazo ni za mkono wa mwenye shamba. Ustadi ule hauonekani kwenye dodoso, lakini kwa muda mfupi haubadiliki, kwa hiyo ukimlinganisha mkulima na yeye mwenyewe msimu hadi msimu, unajifuta.

Hivyo kabla ya mtihani wowote wa takwimu, chukua karatasi uandike ni nini hasa kimejificha ndani ya sifa za kudumu za vitu unavyovifuata, halafu ujiulize kama kitu hicho ndicho kinachoamua nani anapata kiasi gani cha kile unachokipima. Pale ambapo watu, kaya au serikali wamejichagulia wenyewe, jibu karibu kila mara ni ndiyo. Serikali ya jimbo haichagui kodi ya bia kwa kurusha sarafu.

Lipo jambo moja linalopotosha hapa, nalo ni majina. Wengine hufundishwa kwamba athari nasibu ni ya sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na athari thabiti ni ya pale ulipochukua vitu vyote, kama majimbo yote 48 ya bara. Kwa uamuzi wetu huu hilo halisaidii. Unaweza kuchagua kaya kwa bahati nasibu kabisa, na bado ndani ya sampuli hiyo kaya hodari zikawa ndizo zenye mbolea. Kuchaguliwa kwa kaya ni suala moja, na kuchaguliwa kwa mbolea ni lingine.

## Gharama ya athari thabiti

Sitaki ionekane kwamba athari thabiti ni ya bure. Katika data zetu imetupa karibu asilimia 99 ya mtawanyiko wa kodi na kubaki na kijisehemu. Ukipima kosa sanifu kwa njia ya kawaida, ni 0.19. Ukilikokotoa kwa kutambua kwamba miaka saba ya jimbo moja inafanana, yaani kwa makundi ya majimbo, linakuwa 0.29. Mteremko wa −0.66 bado unasimama, lakini umeanza kuyumba.

Sasa tazama tena kodi ya Alabama baada ya 1983: inashuka kila mwaka kwa asilimia chache. Ndivyo inavyoonekana kodi ambayo kwa dola za kawaida haikuguswa, huku bei za vitu vingine zikipanda. Kupanda kwa bei ni jambo la nchi nzima. Ikiwa katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na mabadiliko mengine ya nchi nzima, kama magari salama zaidi au ukali mpya dhidi ya madereva walevi, athari thabiti za majimbo haziwezi kuyatenga. Zenyewe hufuta yale ya kudumu tu. Dawa ni kuongeza athari za mwaka:

```r
miaka <- plm(vifo ~ beertax, data = p, model = "within",
             effect = "twoways")
coeftest(miaka, vcov = vcovHC(miaka, cluster = "group"))
```

Mteremko unakuwa −0.64, karibu ule ule. Ila kosa sanifu kwa makundi ya majimbo sasa ni kama 0.35, na mteremko haujafika mara mbili ya kosa lake. Hapo mtu mkweli ataandika kwamba mwelekeo ni wa kushuka na ushahidi si mzito. Na hata hivyo, kitu kinachobadilika ndani ya jimbo moja kwa wakati mmoja na kodi, mathalani sheria ya umri wa kunywa pombe iliyopitishwa pamoja na kodi mpya, kinabaki kuwa hatari. Athari thabiti hazina kinga nacho.

Gharama nyingine ni makosa ya upimaji. Mkulima aliyesema shamba lake ni ekari mbili, na awamu iliyofuata akasema mbili na nusu, huenda shamba halikusogea hata hatua moja. Ukimlinganisha na jirani mwenye ekari kumi, kosa la nusu ekari ni dogo. Ukimlinganisha na yeye mwenyewe, kosa hilo ndilo mabadiliko yote uliyonayo, na mteremko utavutwa kuelekea sifuri. Nikiona athari thabiti imetoa mteremko mdogo sana kwenye kigeu ambacho watu hukikadiria kwa mdomo, jambo la kwanza ninalolishuku ni hili.

Ya mwisho inafahamika: kisichobadilika kinatoweka. Jinsia ya mtu, umbali wa kijiji hadi barabara ya lami, elimu ya mama aliyekwisha maliza shule, vyote vinaondoka pamoja na wastani. Kompyuta itavitupa, na mtu asiyesoma ujumbe wake vizuri hudhani programu imeharibika.

## Mtihani wa Hausman, na ulio bora kuliko huo

Desturi ni kuendesha njia zote mbili, kisha mtihani ambao Jerry Hausman aliuchapisha mwaka 1978. Mantiki yake ni nyepesi: kama sharti la athari nasibu ni kweli, miteremko miwili isitofautiane kuliko bahati inavyoruhusu. Kwenye data zetu, `phtest(thabiti, nasibu)` inatoa takwimu ya karibu 18 kwa kigeu kimoja. Hiyo ni kubwa mno kuwa bahati, na athari nasibu inakataliwa.

Hapa mtihani na akili vimekubaliana. Siku zote haviendi hivyo, na sababu ni mbili.

Kwanza, mtihani huu unachukulia kwamba athari nasibu ndiyo njia yenye kosa dogo kuliko zote pale sharti lake linapotimia. Hilo linavunjika makosa ya miaka inayofuatana yakiwa yanahusiana, na kwenye data za paneli huhusiana karibu daima. Dalili ya wazi ni takwimu ya mtihani kutoka hasi, kitu ambacho hakina maana yoyote kwa mtihani wa aina hii. Wengi wakiiona hasi huandika kwamba nadharia tete haikukataliwa na kuendelea na safari. Ukweli ni kwamba mtihani umeshindwa kufanya kazi. Stata nayo itakataa ukijaribu kutumia `hausman` baada ya `vce(cluster)`, na baadhi ya watu hujibu kwa kuondoa makundi ili mtihani upite. Wanatupa kosa sanifu lililo sahihi ili wapate mtihani usio sahihi.

Pili, kutokataliwa si kuthibitishwa. Ukiwa na kaya 200 na awamu mbili, kosa sanifu la athari thabiti linaweza kuwa kubwa kiasi kwamba mteremko wa 0.1 na wa 0.5 vinaonekana havitofautiani. Thamani ya p ya 0.30 hapo inakueleza udogo wa data zako, na sharti lenyewe halijaguswa.

Njia ninayoitumia mwenyewe ni ya Mundlak tena, katika makala yake ya mwaka 1978, mwaka ule ule wa Hausman. Endesha athari nasibu kama kawaida, lakini ongeza wastani wa kodi wa kila jimbo kama kigeu cha pili. Ile safu ya `wastani` niliyoitengeneza mwanzoni ilikuwa kwa kazi hii.

```r
mundlak <- plm(vifo ~ beertax + wastani, data = p, model = "random")
coeftest(mundlak, vcov = vcovHC(mundlak, cluster = "group"))
```

Mteremko wa `beertax` unatoka −0.66, sawasawa na wa athari thabiti. Mteremko wa `wastani` unatoka karibu 1.03, ambao ni tofauti kati ya 0.38 na −0.66. Maswali mawili sasa yametenganishwa, kila moja kwenye mstari wake. Na mtihani umo humo humo: kama mteremko wa `wastani` ungekuwa karibu na sifuri, na kosa lake sanifu likiwa dogo, hakungekuwa na sababu ya kuikimbia athari nasibu. Unatumia makundi ya majimbo bila tatizo, takwimu haiwezi kuwa hasi, na vigeu visivyobadilika, kama umbali wa barabara, vinabaki kwenye jedwali. Ila kuvibakiza si kuviponya: mteremko wa umbali bado umebeba kila kisichopimwa kinachoendana na umbali, na uuseme hivyo.

Angalizo moja kwa wenye matokeo ya ndiyo au hapana, kama mtoto kuwa shuleni au la. Huko kuweka alama ya kila mtoto kwenye logiti huku awamu zikiwa chache kunapotosha mteremko wenyewe. Njia ya Mundlak huko inafaa kuliko kwenye rigresheni ya kawaida.

## Pale athari nasibu inapostahili

Mwaka 1998, wilayani Busia nchini Kenya, shule 75 za msingi ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25 ili kupewa dawa za minyoo kwa zamu: kundi la kwanza 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Mpango wa utafiti ndio uliopanga zamu hizo, walimu wakuu hawakujichagulia. Kwa hiyo ubora wa shule, mapato ya wazazi na umbali wa ziwa havikuwa na njia ya kuamua shule ipi inaanza. Sharti la athari nasibu limejengwa ndani ya mpango wenyewe. Katika hali kama hiyo kutupa ulinganisho wa shule na shule ni kutupa habari nzuri, na athari nasibu yenye makosa sanifu ya makundi ya shule ni uchaguzi ninaoweza kuutetea mbele ya yeyote.

Hali nyingine ni pale lengo lako ni kukadiria kiwango cha kila kituo, kwa mfano kiwango cha chanjo cha kila zahanati, huku baadhi ya zahanati zikiwa na watoto wachache sana. Athari nasibu huvuta makadirio ya zahanati ndogo kuelekea wastani wa jumla, na makadirio hayo huwa ya kuaminika zaidi kuliko wastani mbichi wa watoto wanne.

## Kwenye data mpya

Tuseme umepakua awamu tatu za mwanzo za Utafiti wa Kitaifa wa Paneli wa Tanzania, 2008/09, 2010/11 na 2012/13, na unataka kujua mbolea inaongeza mahindi kiasi gani. Kaya hazikupangiwa mbolea, kwa hiyo ninaanzia kwenye athari thabiti, na atakayetaka kunihamisha ndiye alete hoja. Jambo la pili, kabla ya rigresheni yoyote, ni kupima mabadiliko yaliyomo ndani ya kaya, kwa mstari mmoja:

```r
var(Within(p$mbolea)) / var(p$mbolea)
```

Ikitoka 0.40, nina mengi ya kufanyia kazi. Ikitoka 0.01, naenda kuhesabu ni kaya ngapi hasa ziliwahi kuanza au kuacha mbolea, kwa sababu jibu lote litakuwa limesimama juu ya kaya hizo. Kama ni 90 kati ya zaidi ya 3,000, nazitazama moja moja: zilianza kwa nini? Kaya iliyoanza kutumia mbolea mwaka ule ule mwana alioanza kutuma fedha kutoka mjini imebadilisha mengi kwa pamoja, na hapo athari thabiti haziniokoi.

Kisha naendesha Mundlak, na athari za awamu ndani yake, na makosa sanifu kwa makundi. Ikiwa sampuli ilichukuliwa kwa vijiji, makundi ni vijiji, hata kama athari thabiti ni za kaya. Kwenye jedwali naweka mteremko wa ndani ya kaya, mteremko wa wastani, sehemu ya mtawanyiko iliyo ndani ya kaya, idadi ya kaya zilizobadilika, na theta. Msomaji akiviona vitano hivyo anaweza kujihesabia mwenyewe athari nasibu ingempa nini na kwa nini, kama tulivyofanya kwa 1.87 na 1.33 za majimbo ya Marekani.